Zege limemwagwa Machi, pesa imeingia Mei: kuutoa mkataba wa ujenzi na kuuweka kwenye jedwali la saiti

Swali: "Mimi ni msimamizi wa saiti Uvinza, Kigoma, tunajenga wodi ya wazazi. Bosi kanitumia mkataba wa kurasa 96, wote Kiingereza. Anataka nitoe humo hatua za kazi, vitu vya kukabidhi na lini tunalipwa, niviweke kwenye Excel. Bei ni milioni 480, inalipwa kwa hatua tano. Nimefika mistari 140 na sasa hata mwenyewe siielewi. Nimeambatisha masharti maalumu na nilichoandika. Nakosea wapi?"

Kaka, nimeipitia mistari yako yote, na kama 90 hivi nimeikata kwa penseli. Mstari wa 31, kwa mfano, unasema mkandarasi atafanya kazi kwa ustadi na uangalifu. Mkataba unasema hivyo kweli, lakini hakuna asubuhi utakayoamka ufanye jambo kwa sababu ya mstari huo. Kwenye jedwali la saiti unakaa mstari wenye mtu, karatasi na siku: fulani ampe fulani karatasi fulani kabla ya siku fulani, asipofanya pesa itachelewa au itakatwa. Usio na hayo matatu uache ndani ya mkataba.

Lakini wingi wa mistari ni tatizo dogo. Kubwa liko mstari wa 47, ulipoandika: "Msingi na sakafu, 4 Machi, 96,000,000." Hapo umebana mambo matatu kwenye seli moja, na bosi wako akiusoma ataenda kukopa saruji akiamini kuna milioni 96 zinakuja Machi. Tuufungue huo mmoja polepole, maana ukiuelewa, mingine utaifanya mwenyewe.

Jambo la kwanza ni hatua. Zege la mwisho la sakafu limemwagwa tarehe 4 Machi 2025. Mafundi wamemaliza, umepiga picha, umeandika kwenye daftari la saiti. Kazi imefika mahali fulani, basi, na kwa hatua peke yake hakuna anayekudai wala unayemdai.

La pili ni kitu cha kukabidhi. Soma tena maneno ya masharti maalumu uliyoambatisha: hatua ya kwanza ni msingi na sakafu kukamilika, "pamoja na matokeo ya vipimo vya zege yaliyokubaliwa na mhandisi". Kwa hiyo kuna karatasi ya maabara inayotakiwa kuandamana na zege lako. Kyubu, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, zinavunjwa zikiwa na siku 7 na siku 28, na nguvu inayohesabika kwenye mikataba karibu yote ni ile ya siku 28. Tarehe 4 Machi ukiongeza siku 28 unafika tarehe 1 Aprili. Hata mhandisi awe shemeji yako, hawezi kukubali matokeo ambayo bado hayapo.

La tatu ndilo linaloamsha malipo, nalo ni karatasi nyingine kabisa: cheti cha malipo kilichosainiwa na mhandisi mshauri. Kabla ya cheti kuna dai lako, yaani barua ya kuomba malipo pamoja na vipimo, picha na yale matokeo ya maabara. Tuseme majibu ya kyubu yanakufikia Ijumaa tarehe 4 Aprili, nawe unapeleka dai Jumatatu tarehe 7. Masharti yako yanampa mhandisi siku 14 za kukagua na kusaini. Siku ya 14 ni tarehe 21 Aprili, na mwaka huo hiyo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Hesabu ya mkataba haisimami kwa sikukuu kwa sababu siku zake ni za kalenda, ila ofisini hutamkuta mtu. Anasaini tarehe 22. Kuanzia hapo mwajiri, yaani mwenye jengo, ana siku 28 za kulipa, na siku ya mwisho ni tarehe 20 Mei.

Toka 4 Machi mpaka 20 Mei ni siku 77, wiki 11 kamili. Na hapo hakuna aliyekosea. Mhandisi kapitiliza siku moja tu, kwa sababu ya Pasaka. Hizo wiki 11 ndizo bosi wako anazozitafuta anapokuambia utoe "lini tunalipwa". Ndani yake unatakiwa uwe umeshanunua tofali za kuta, umelipa vibarua mara kadhaa, na mvua za Kigoma bado zinanyesha mpaka zikaribie kuisha Mei.

Sasa mstari wako wa 47 unavunjika kuwa mitano: zege la mwisho limemwagwa, majibu ya kyubu ya siku 28 yamepokelewa, dai limepelekwa na kupigwa muhuri wa kupokelewa, cheti kimesainiwa, pesa imeingia. Kila mmoja unaanza pale ulipoishia uliotangulia. Mimi huwa naongeza wa sita katikati, majibu ya siku 7, ingawa hayaleti hata senti. Zege la kawaida lenye siku 7 huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Ukitakiwa kupata nguvu ya 25 na siku ya 7 umeona 11, usikae ukingoje Aprili, mwite mhandisi wiki hiyo hiyo.

Haya, unayatoaje haya kwenye kurasa 96? Usianze ukurasa wa kwanza ukashuka. Anza na masharti maalumu, zile kurasa chache zilizojazwa kwa ajili ya kazi yenu hasa. Masharti ya jumla ni yale marefu yanayotumika kwa kila mtu, na pale yanapogongana na maalumu, maalumu ndiyo yanayoshinda. Wewe umeandika mstari wa 58 kwamba mhandisi ana siku 28 za kukagua dai, umeutoa kwenye masharti ya jumla, halafu mstari wa 103 kwamba ana siku 14, umeutoa kwenye maalumu. Yote miwili imo kwenye jedwali lako na hujui ni upi wa kweli. Ni wa 103. Nahisi mistari yako 20 hivi ni pacha wa namna hiyo.

Ukimaliza maalumu, pitia ya jumla ukitafuta tu vifungu ambavyo maalumu yamevigusa au vinavyotaja siku na karatasi. Mkataba ukiwa faili la kusomeka, fungua sehemu ya kutafuta na uandike maneno haya, moja baada ya jingine:

```
within
not later than
prior to
upon
subject to
days
```

Maneno matatu ya mwanzo yanakupa mipaka ya muda. Neno la nne linakupa tukio linaloamsha kitu. La tano ndilo la kuogopa, nitalirudia. Kama mkataba wako ni skani, kutafuta hakutafanya kazi, kwa hiyo omba ofisini faili la awali kabla halijachapwa. Tumia hilo kutafutia tu. Ukipata kifungu, kakisome kwenye nakala iliyosainiwa, kwa sababu mara nyingi siku ya kusaini watu wanakata namba kwa kalamu na kuweka herufi zao pembeni. Nimewahi kuona 28 iliyokatwa ikawa 56, na kwenye faili la kompyuta bado ilikuwa 28.

Sehemu ya mwisho ya kusoma ni vipimo vya kitaalamu vya kazi, kile kitabu ambacho wasimamizi wengi wanampa fomeni tu. Malipo yameandikwa kwenye masharti, lakini vitu vya kukabidhi vimefichwa huku. Kwako Uvinza kuna kimoja sikukiona kwenye jedwali: vitabu vya namna hii kwa kawaida vinataka maji na mchanga wa zege vipimwe na kukubaliwa kabla ya zege la kwanza. Watu wengine wanalichukulia hilo kama urembo wa karatasi. Uvinza ni mji wa chumvi, kaka, chemchemi zake zimechemshiwa chumvi tangu enzi za mababu. Maji yenye chumvi yakiingia kwenye zege yanaozesha nondo ndani kwa ndani, na mhandisi mwenye akili atauliza umeyatoa maji wapi. Kama huna karatasi hiyo, atasita kukubali hata kyubu zilizofaulu. Angalia kwenye kitabu chako, na ukiikuta iwe mstari unaojitegemea, juu kabisa, kabla ya msingi.

Sasa jedwali lenyewe. Mimi nalifanya kurasa mbili, ukurasa wa saiti na ukurasa wa pesa. Wa saiti unabandikwa ukutani ofisini kwako, wa pesa unabaki kwa bosi na mhasibu. Bosi wako hatakuambia hivi, lakini hapendi fundi wa bati aone paa limewekewa milioni 120.

Ukurasa wa saiti una safu kumi na moja. A ni kifungu na ukurasa wa mkataba. B ni maneno ya mkataba kama yalivyo, kwa Kiingereza chake, usibadilishe nukta. C ni Kiswahili chako, sentensi moja ambayo hata mtunza stoo ataielewa. D ni tukio linaloanzisha kuhesabu siku, E ni tarehe ya tukio hilo, F ni idadi ya siku, G ni tarehe ya mwisho. H ni nani anawajibika, I ni karatasi gani, J ni tarehe ambayo karatasi hiyo ilipokelewa, na K ni hali.

Safu B na C zote zinahitajika. Ukiweka Kiswahili peke yake, siku ya ubishi utakuwa unabishana kwa tafsiri yako mwenyewe. Ukiweka Kiingereza peke yake, hakuna atakayelisoma jedwali.

Kanuni inayobeba ukurasa mzima ni kwamba safu G haiandikwi kwa mkono. Karibu kila tarehe ya mkataba ni ya kutegemea nyingine: siku 14 tangu kupokea dai, siku 28 tangu cheti. Ukiandika "20 Mei" kwa mkono leo, kyubu zikichelewa wiki moja maabara, tarehe zako zote za mbele zimekuwa uongo na hutajua. Acha fomula izihesabu:

```
=IF(E5="","",E5+F5)
```

Na tarehe ya tukio ya mstari unaofuata inavutwa kutoka safu J ya mstari uliotangulia. Tuseme dai liko mstari wa 11 na cheti mstari wa 12, basi kwenye E12 unaandika:

```
=IF(J11="","",J11)
```

Kwa njia hiyo, mpaka mtu apige muhuri wa kupokea dai lako na wewe ujaze J11, siku 14 za mhandisi hazijaanza, na jedwali linakuonyesha hivyo. Hilo linafundisha saiti tabia moja nzuri: kila barua iende na nakala ya pili ya kugongewa muhuri na tarehe. Barua iliyoachwa mapokezi bila muhuri, kwenye jedwali haipo.

Safu K inasema hali:

```
=IF(J5<>"","TAYARI",IF(G5="","HAIJAANZA",
IF(G5<TODAY(),"IMEPITA",
IF(G5-TODAY()<=7,"HARAKA","BADO"))))
```

Kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato mahali pake. Ni mpangilio wa mashine tu. Kuwa macho na tarehe zenyewe pia. Kompyuta nyingi zinazokuja na mpangilio wa Kimarekani zinasoma 4/3 kuwa tarehe 3 Aprili. Mbaya zaidi, ukiandika 22/4/2025 inashindwa kuielewa na kuiacha kama maneno tu. Utaitambua kwa kuwa tarehe iliyoeleweka inakaa upande wa kulia wa seli, na iliyogeuka maneno inakaa kushoto. Kwenye jedwali ulilonitumia, tarehe saba zimekaa kushoto.

Twende ukurasa wa pesa. Hapa umejumlisha ukapata milioni 552, wakati mkataba ni wa 480. Tofauti ni milioni 72, yaani ile asilimia 15 ya malipo ya awali, advansi, uliyoiongeza kama mstari wa sita juu ya hatua tano. Advansi ni mkopo wa pesa yenu wenyewe. Wanawapa milioni 72 mwanzoni mkishapeleka dhamana ya benki, halafu wanazikata kidogo kidogo kwenye vyeti vinavyofuata. Masharti yako yanasema wanakata robo ya kila cheti mpaka zitakapokwisha. Juu ya hapo wanazuia asilimia 5 ya kila hatua, ile tunayoiita ritensheni saitini. Kodi nimeiweka pembeni, mwachie mhasibu.

Hatua zako ni msingi na sakafu milioni 96, kuta mpaka lenta 96, paa 120, umaliziaji 120, makabidhiano 48. Cheti cha kwanza ni 96, inatoka robo ambayo ni 24, inatoka ritensheni 4.8, inayoingia benki ni 67.2. Pale ulipoandika 96 kuna pengo la karibu milioni 29. Nadhani hili peke yake linatosha kumfanya bosi wako akae chini.

Cheti cha pili ni hivyo hivyo, 67.2. Cha tatu kina mtego. Robo ya 120 ni 30, lakini advansi iliyobaki kurudishwa ni 24 tu, kwa sababu 48 zimeshakatwa. Ukiacha robo iendelee mpaka mwisho, utakuwa umejikata milioni 120 kwa deni la 72, milioni 48 ambazo hakuna anayekudai. Kwa hiyo fomula iwe na kikomo. Bei za hatua zikiwa safu B, kuanzia mstari wa 3, kwenye C3 weka hii na uivute chini:

```
=MIN(25%*B3,72000000-SUM(C$2:C2))
```

Cheti cha tatu kinatoka 90, cha nne 114, cha tano 45.6. Jumla ya vitano ni 384. Ongeza advansi 72, unapata 456. Ongeza ritensheni yote, 24, unafika 480. Ukurasa wa pesa usiporudi kwenye bei ya mkataba kwa shilingi, usiupeleke kwa bosi. Fomula hiyo hiyo itakusaidia pia siku ofisi ya mwajiri ikisahau kuacha kukata. Hutokea, na kwa kawaida si kwa ubaya. Karani ananakili cheti cha nyuma.

Sasa lile neno la tano, "subject to". Ukilikuta karibu na kifungu cha malipo, maana yake kuna mlango mwingine kabla ya pesa, na funguo zake ziko kurasa nyingine kabisa. Mara nyingi ni dhamana ya utekelezaji iwe hai, bima ya kazi iwe hai, na ratiba ya kazi iwe imehuishwa. Hii ya ratiba inawashangaza wengi. Kwenye mikataba mingi ya kazi ndogo na za kati, usipopeleka ratiba mpya kwa kipindi kilichotajwa, mhandisi anaruhusiwa kuzuia kiasi fulani kwenye cheti kinachofuata, na kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye masharti maalumu. Kakitafute.

Mimi mlango huu umenibamiza. Tulikuwa na kazi ya madarasa upande wa Urambo, mkoani kwetu Tabora, nami ndiye niliyeshika jedwali. Bima yetu ilikuwa ya miezi kumi, kazi ikasukumwa ikafika miezi kumi na mbili, na dai la paa likaenda siku tisa baada ya bima kufa. Mhandisi hakulikataa, alilirudisha tu na kikaratasi kinachosema "ambatisha bima". Kuihuisha Dar, kupata karatasi, kuirudisha, kuanza upya kuhesabu siku za ukaguzi: siku 41. Bima ilikuwa kwenye jedwali langu tangu mwanzo, ila niliiandika kama kitu kilichokwisha kukabidhiwa, TAYARI, rangi ya kijani. Kumbe karatasi inayokufa haiwi TAYARI kamwe. Tangu siku ile kila dhamana na kila bima naipa mistari miwili, wa kuipeleka na wa kuihuisha. Wa kuihuisha una tarehe ya kufa kwenye E na -45 kwenye F, ili onyo lije mwezi mmoja na nusu kabla. Fomula ya G inakubali namba hasi bila taabu.

Kuna mistari kadhaa kwenye jedwali lako usiyojua uipe tarehe gani, kama mvua kubwa, mchoro uliochelewa, eneo kutokabidhiwa lote. Haina tarehe kwa sababu haijatokea. Ihamishie ukurasa wa tatu, mfupi, wenye tukio, idadi ya siku za kutoa taarifa, na barua iende kwa nani. Siku hizo ni za kikatili. Kwa mikataba ya kimataifa ya ujenzi ya FIDIC ya 1999, mkandarasi ana siku 28 tangu alipojua au alipotakiwa kujua jambo, na akizipitisha bila barua, haki ya kuongezewa muda na pesa kwa jambo hilo imekwenda. Wako si wa FIDIC, una idadi yake. Daftari lako la saiti ndilo litakaloonyesha ulijua lini, kwa hiyo mvua iliyozuia kazi iandikwe siku hiyo hiyo, na saa.

Na mkiongezewa muda, usifute namba ya zamani. Ongeza mstari wenye namba ya barua ya kuongeza muda na siku mpya, wa zamani uupake kijivu. Mtu atakayekagua fidia ya ucheleweshaji mwishoni atataka kuona vyote viwili.

Kabla hujarudisha kwa bosi, chagua mistari kumi bila mpangilio, mpe mwenzako safu A tu na mkataba uliosainiwa, akusomee kifungu huku wewe unatazama safu B na F. Ukikosea mmoja kati ya kumi, rudia yote. Halafu tazama safu D: kila tukio lililotajwa humo lazima liwe mstari mahali fulani kwenye jedwali. "Tangu kukabidhiwa saiti" inatajwa mara sita kwenye kazi yako, na kukabidhiwa saiti kwenyewe hakuna mstari. Ndiyo maana tarehe zako za mwanzo hazina pa kushika.

Mstari wa mwisho kabisa ni nusu ya pili ya ritensheni. Nusu ya kwanza, milioni 12, inatoka mkishapata cheti cha kukamilika kwa kazi. Nusu nyingine inasubiri kipindi cha matazamio kiishe, na masharti yako yanasema siku 365. Tuseme mmekabidhi 30 Oktoba 2025, unafika 30 Oktoba 2026. Lakini tazama safu I ya mstari huo: inataka cheti cha mhandisi kwamba kasoro zote zilizoorodheshwa zimerekebishwa, na tarehe kupita tu haileti cheti. Kufikia hapo wewe utakuwa Kibondo au Mpanda kwenye kazi nyingine, na stoo ya Uvinza imeshavunjwa. Kwa hiyo kwenye safu H usiandike "msimamizi wa saiti". Andika jina la mtu atakayerudi Uvinza mwezi wa Septemba na orodha ya kasoro mkononi, apitie bomba, milango na dari chumba kwa chumba akiwa na mwakilishi wa mwajiri, na aondoke na saini.